Uzi: Nimepewa kuendesha laivu ya ofa ya Idd, maneno yananiishia dakika ya kumi

Zuhura_Ilala

Wadau, asalaam aleikum, na kwa wasiofunga habari za jioni.

Nauza duka la abaya Kariakoo, duka si langu, nimeajiriwa. Bosi ameamua tufanye laivu TikTok usiku wa mfungo 24 na 25, saa 3:30 mpaka saa 5, watu wakishatoka tarawehe. Mwenye kuongea ni mimi. Juzi tulijaribu saa moja. Dakika kumi za kwanza nilikuwa moto, baada ya hapo nikawa naimba "karibuni karibuni, gongeni kioo" kama kasuku, na kila nikitazama maoni ni yale yale: bei gani, mko wapi, bei gani, saizi zipo. Nilishataja bei mara tano! Mwisho nikakasirika nikasema "jamani si nimesema?" Bosi akanikata jicho.

Bidhaa ni abaya za kitambaa cha nida, aina tatu, jumla 60, kila moja ina mtandio wake. Bei ya dukani 65,000. Ofa ni 55,000, na ukichukua mbili ni laki moja. Naomba mwenye skripti anipe, au anifundishe namna ya kuiandika.

Dokta Mauzo

Dada Zuhura, siri ya laivu ni moja tu: usinyamaze. Ongea haraka mfululizo, ukinyamaza sekunde tatu watu wanatelezesha kidole wanaenda kwingine. Na bei usiitaje mapema. Waache waisubiri, ndiyo inayowashikilia. Taja dakika ya ishirini hivi wakishakolea, halafu hesabu "tatu, mbili, moja" kama wanavyofanya Wachina, uone oda zitakavyomiminika.

Mama Fundo

Mwanangu Zuhura, nimeuza kwa laivu mwaka wa nne sasa, kwanza mashuka, sasa nguo, na maduka mengine hunikodi nikawaongelee. Kabla ya skripti nataka unijibu jambo moja. Laivu ile ya juzi ilipoisha, TikTok ilikuletea muhtasari. Walioingia kwa jumla walikuwa wangapi, na kwa wakati mmoja mlikuwa kama wangapi ndani?

Zuhura_Ilala

Walioingia jumla 420, mama. Ndani kwa wakati mmoja tulikuwa kwenye 35, inapanda kidogo inashuka.

Mama Fundo

Haya, chukua kikokotoo. Watu 35 kwa dakika 60 ni dakika 2,100 za kutazamwa. Gawa kwa 420, unapata dakika 5 kwa kila mtu. Lakini humo walikuwemo bosi wako, shangazi zako na mashoga zako waliokaa mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni kumi, hao peke yao wamekula dakika 600. Zilizobaki ni 1,500 kwa watu 410, yaani mgeni amekaa dakika tatu na nusu hivi, kisha kaondoka.

Kwa hiyo aliyeuliza "bei gani" dakika ya arobaini hakuwa kiziwi. Uliposema bei mara tano yeye alikuwa bado anakula daku la watu wengine huko. Hapo ndipo ushauri wa Dokta unapoanguka: ukingoja dakika ya ishirini kutaja bei, mgeni wako ameshakuja na kwenda, na baada yake wamekuja watano wengine. Ila kwenye kunyamaza ana haki kidogo, nitarudi hapo.

Usiandike skripti ya dakika 90. Andika ya dakika nne, kisha uizungushe. Ndani ya kila mzunguko ofa yako itamkwe mara mbili, kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi naiita pumzi moja, kwa sababu ikikushinda kuisema kwa pumzi moja basi ni ndefu mno. Ya kwako ingekuwa hivi:

"Abaya ya nida, mtandio wake ndani, elfu hamsini na tano. Ukichukua mbili, laki moja, na Dar tunakuletea bure. Mkoani utalipia basi. Mwisho kesho saa tano usiku. Andika namba ya abaya na saizi yako."

Iandike kwa kalamu nene, ibandike nyuma ya simu chini kidogo ya kamera. Ukichoka, macho yanaiangukia.

Kwa nini maneno yale yale? Mwaka juzi niliuza mashuka. Zamu moja nikasema "mbili laki na ishirini, usafiri bure", neno "Dar" likanidondoka mdomoni. Mteja wa Mwanza alikuwa anarekodi skrini. Kesho yake akanitumia ile video, sekunde nane tu, na kwa kweli alikuwa sahihi. Nauli ya mzigo nikalipa mimi.

KijanaWaTandika

Samahani kuingilia, mimi ni boda wa mizigo, nachukua oda za maduka matatu ya mtandaoni. Hilo neno "Dar bure" mnalisema nyie kwenye laivu, mimi ndiye ninayekutana nalo Chanika. Juzi nimepewa 3,000 kupeleka mzigo Chanika, mteja hapokei simu, nimekaa chini ya mwembe saa nzima na swaumu yangu. Dar ni Bunju, ni Mbagala Rangi Tatu, ni Kigamboni kivukoni na ni Kigamboni ya ndani kabisa kule. Mngesema tu bei za maeneo.

Mama Fundo

Kijana wangu pole, na una hoja. Lakini nikianza kutaja Chanika hivi, Bunju vile, pumzi moja inakuwa hotuba ya bajeti. Ndiyo maana "bure" nimeifunga kwenye abaya mbili. Laki moja ina nafasi ya kubeba boda, 55,000 ya moja haina. Anayechukua moja analipa boda mwenyewe, na bei ya eneo lake ataambiwa WhatsApp. Zuhura, kaa na bosi mkubaliane boda wa Chanika atapata shilingi ngapi kabla hujafungua mdomo. Ukishasema "Dar", umesema Dar yote.

Sasa mzunguko wenyewe. Kabla ya yote, kila aina ipe namba, uiandike kwenye karatasi kubwa: 1, 2, 3. Jaribu kwa simu ya pili uone upande wa mtazamaji karatasi inasomeka, isijekuwa imegeuka kama kwenye kioo.

Sababu ya namba ni hii. Unachosema hakimfikii mtazamaji papo hapo, na akiandika, maoni yake nayo yanachelewa. Piga kofi mbele ya kamera ukiangalia simu ya pili, utahesabu sekunde kadhaa kabla hujajiona ukipiga. Ongeza muda wa mtu kuandika. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nauliza "nani anataka hii maruni?", nakaa kidogo, kimya, navunjika moyo, nachukua ya kijani. Ndipo maoni yanaporomoka: "nataka mimi", "mimi", "na mimi". Msaidizi wangu akaandika watu sita kwenye ya kijani. Mzigo ulipofika, sita wote wakarudisha. Mtu akiandika "3 saizi 56" hata akichelewa dakika nzima unajua anataka nini.

*Nusu dakika ya kwanza.* Shika abaya, karatasi ya namba kifuani.
"Bosi wangu unayeingia sasa hivi, hujachelewa, ndiyo kwanza naifungua abaya namba tatu. Abaya ya nida, mtandio wake ndani, elfu hamsini na tano…" (pumzi moja mpaka mwisho)

*Dakika inayofuata.* Onyesha, na hapa punguza mwendo. Sogeza kitambaa karibu na kamera, kikunje kwenye ngumi, kiachie.
"Tazama, sijapiga pasi. Nimeikunja, naiachia… unaona? Haijabaki na makunyanzi. Geuza ndani tuone mshono. Mkono huu una kifungo, wakati wa udhu unakunja unafunga." Onyesha kifungo bila kusema neno, sekunde tatu, nne. Kimya cha namna hiyo hakifukuzi mtu kwa sababu mkono unafanya kazi. Kinachofukuza ni kimya cha mtu aliyeinamia simu anasoma maoni kwa macho.

*Nusu dakika.* Saizi. Hili nitalieleza chini, ndilo litakalokula muda wako.

*Dakika moja na nusu.* Maoni. Soma, jibu, rudi. Soma kwa sauti pamoja na jina, jibu kwa sentensi moja au mbili, kisha rudi kwenye kipande cha ofa kinachohusika.

*Nusu dakika ya mwisho.* Pumzi moja tena, nzima. Halafu "zilizobaki namba tatu ni kumi na saba, nasoma kwenye daftari", na unachukua inayofuata.

Namba 1, 2, 3, kisha tena 1, 2, 3. Kila dakika kumi na mbili umezimaliza zote. Wewe utaona unajirudia, utaona aibu hata. Mgeni ataona umeanza na yeye.

Fundi Picha

Kwa kuwa ni abaya nyeusi, usisimame mbele ya ukuta mweupe. Simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, abaya inageuka doa jeusi, na huo mshono anaousema mama hautaonekana. Tundika nyuma pazia la rangi ya mchanga au kahawia, taa iweke ubavuni badala ya usoni. Na feni izime. Mnaiona ndogo, ila kwenye maikrofoni inaunguruma kama lori.

Msafiri wa Katavi

Habari. Hiyo namba tatu saizi 58 ipo? Mke wangu ni mrefu. Mzigo Mpanda unafika?

Zuhura_Ilala

Kaka laivu bado haijafanyika 😂 hii ni skripti tu.

Msafiri wa Katavi

Sawa, lakini 58 ipo?

Mama Fundo

Zuhura, huyo umpe, ameshaingia kikapuni. Na ameuliza kwa namba na saizi kama tulivyomfundisha.

Tuje kwenye saizi. Watakuandikia "mimi navaa 44, nitapata?" Saizi ya abaya si ya kifua wala kiuno. Ni urefu kwa inchi, kutoka begani hadi chini: 52, 54, 56, 58, 60. Usianze kumfundisha kila mmoja. Muulize kimo. Kwa kawaida mwenye futi 5 na inchi 2 au 3 namwambia 54, inchi 4 au 5 namwambia 56, inchi 6 au 7 ni 58. Anayevaa viatu virefu siku ya Idd aongeze namba moja. Na asiyejua kimo chake (wengi hawakijui) mwambie apime gauni lake refu analolipenda, begani hadi chini. Kwa mnene, upana ni habari nyingine. Pima usiku huohuo mbele ya kamera, utandaze abaya mezani, uvute futi kwapa hadi kwapa, uwasomee inchi. Mtu anaamini futi kuliko "inakutosha mpenzi".

Haya maoni utakayoyapata, na ninavyoyajibu mimi:

"Bei gani?" Hata ikiwa mara ya mia: "Salma ananiuliza bei, asante Salma. Elfu hamsini na tano na mtandio wake, mbili laki moja." Huyo Salma amekupa sababu ya kusema ofa bila kuonekana unang'ang'aniza. Ukimwambia "nimeshasema" umewafukuza na wengine thelathini waliokuwa hawajaisikia.

"Ghali, Kariakoo zipo za elfu 35." "Kweli dada, zipo. Hizo ukizigusa utakuta kitambaa kingine, na mtandio unanunua pembeni. Hii ni nida, tazama inavyoanguka." Basi, usimkejeli. Li Jiaqi wa China, ambaye ni mmoja wa wakubwa wa hawa watu wa laivu, Septemba 2023 mtazamaji alilalamika kwamba penseli ya nyusi ya yuan 79 ni ghali. Yeye akamjibu kwamba watu wajiulize kama wamefanya kazi kwa bidii na mshahara umepanda. Alikuja kuomba radhi huku analia, na wafuasi wengi walishaondoka. Sentensi moja hiyo, na yeye ana uzoefu wa miaka.

"Matapeli nyie, niliagiza sijaletewa." Usifute. Watu wameshaiona, ukifuta umekiri. "Nimekuona dada, jina lako naliandika hapa. Msaidizi wangu anakupigia sasa hivi, na ukishapata jibu rudi hapa utuambie." Kisha kweli apigiwe. Kama hakununua kwenu kabisa, hatajibu simu.

"Mko wapi?" Mtaa, jengo, ghorofa, kisha saa za kufungua. Usiongeze maelezo ya daladala.

Na hili lirudie kila mzunguko hata kama hakuna aliyeuliza: "Namba yako ya simu usiiandike hapa kwenye maoni. Njoo WhatsApp ya duka. Lipa namba yetu ni moja tu, na kabla hujaweka namba ya siri litatokea jina la duka. Likitokea jina la mtu, usilipe." Kuna watu kazi yao ni kukaa kwenye laivu za wenzao wakiokota namba. Mteja akiandika tu namba yake, dakika mbili baadaye anapigiwa: "dada wa abaya hapa, tuma kwa namba hii". Nimempoteza mteja wa miaka miwili hivyo, na mpaka leo anaamini ni mimi. Msaidizi kwenye simu ya pili awe na ruhusa ya kufuta namba hizo na kuzuia akaunti zinazoiga jina lenu.

Dokta Mauzo

Mama heshima yako, kwenye bei nimekubali. Lakini "tatu, mbili, moja" naitetea. Inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu.

Mama Fundo

Umeiona kwenye programu za China, mwanangu, na kule ina maana yake. Muuzaji akifika "moja", kiungo cha bidhaa kinafunguka palepale kwenye skrini, mtu anabonyeza, amelipa, na laivu haijamtoka. Hapa kwetu ukisema "moja" kinatokea nini? Mteja anatoka kwenye laivu, anapiga *150*00#, anachagua, anaweka lipa namba, anasubiri jina, namba ya siri, menyu inakata, anaanza upya. Akirudi amekukuta uko kwenye bidhaa nyingine na msisimko wa "moja" umepoa.

Kwa hiyo mimi nafanya kinyume. Nikishawaita walipe, dakika mbili zinazofuata sianzishi bidhaa mpya. Hizo ndizo dakika za kujibu maoni polepole, kukunja nguo, kumshukuru aliyelipa: "Rehema ameingiza, namba mbili saizi 56, imebaki tisa." Aliyekuwa anahangaika na menyu akirudi anakuta hajapitwa.

Na bosi wako asikwambie useme "kutoka elfu tisini". Mabosi wanalipenda sana hilo.

Zuhura_Ilala

Mama umejuaje?! Ameniambia hivyo hivyo leo mchana. "Sema ilikuwa 90, watu wanapenda kuona imeshuka."

Mama Fundo

Mteja akitelezesha ukurasa wenu atakuta posti ya Rajabu, abaya ileile, 65,000. Ataiandika kwenye maoni mbele ya watu themanini, na hapo hutakuwa na jibu la sentensi mbili. Pia Sheria ya Ushindani ya 2003, ile inayosimamiwa na FCC, inakataza kumpotosha mnunuzi. 65 kwenda 55 ni shilingi elfu kumi kamili, inatosha, iseme hivyo.

Haraka unayoihitaji ipo tayari na ni ya kweli: mwezi. Hakuna anayejua Idd itakuwa baada ya 29 au 30. "Mzigo wa mkoani unatoka Stendi ya Magufuli asubuhi ya mfungo 26. Ukilipa baada ya hapo na mwezi ukaandama mapema, abaya itakukuta umeshakula pilau." Hiyo inasukuma kuliko kuhesabu kinyumenyume.

Nyota ya Bahari

Mimi niko Mombasa, nauza madira na buibui kwa laivu pia. Yote aliyosema mama ni sawa, lakini hamjagusa ugonjwa mkuu: watu wa "nachukua". Anaandika "nachukua", unamwekea, unawaambia wengine imeisha, usiku unaisha hajatuma hata shilingi. Mimi sasa simwekei mtu. Aliyelipa ndiye mwenye nguo, Till iko pale, basi.

Mama Fundo

Bi Nyota, mimi naweka robo saa. Natangaza: "Zainabu nimekuwekea mpaka saa nne na robo." Ikifika nairudisha kwenye hesabu, kwa sauti.

Nyota ya Bahari

Na unamtaja jina? Huku kwetu ukimtaja mtu kwamba hajalipa mbele za watu, umeshamwaibisha. Na ni Ramadhani. Mimi siwezi.

Mama Fundo

Simtaji kwamba hajalipa. Nasema "moja imerudi, saizi 54".

Nyota ya Bahari

Watu si wajinga, mama. Walikusikia ukimwekea Zainabu wa 54.

Zuhura_Ilala

Nimerudi wadau, usiku wa kwanza umepita. Naandika nikiwa na usingizi, mnisamehe.

Dakika 90. Walioingia 960, ndani kwa wakati mmoja kama 50. Nimepiga hesabu ya mama: 4,500 kugawa 960, dakika nne na nusu na kitu. Mizunguko imeenda, ingawa mwanzoni ilikuwa inanichukua dakika sita sita kwa sababu ya saizi. Baada ya kubandika ile orodha ya kimo pembeni ya karatasi ya namba, nikashuka kwenye nne. Futi ilisaidia sana. Nilipopima kwapa hadi kwapa dada mmoja akaandika "leo ndio naona mtu anapima" akachukua mbili.

Koo limekauka. Mzunguko wa kumi hivi nikaona kila mtu ananicheka kwa kurudia, nikaruka pumzi moja kwenye zamu mbili. Msaidizi ananiambia ni wakati huohuo "bei gani" zilijaa tena.

Waliolipa: abaya 21. Walioandika "nachukua" bila kulipa: 13. Nilifuata ya mama, robo saa, na kweli dada mmoja wa 54 aliniandikia WhatsApp kwamba nimemvunjia heshima, kumbe alikuwa anasubiri mumewe atoke msikitini amtumie hela. Nimemwomba radhi. Amelipa asubuhi. Kwa hiyo hapo sijui, Bi Nyota naye simwoni amekosea.

Akaunti feki zilikuja mbili, zote na picha ya duka letu. Msaidizi amezizuia. Mmoja alishaandika "lipia hapa" na namba ya mtu, lakini wateja wenyewe wakaanza kuandika "litokee jina la duka, jina la duka". Nilifurahi mpaka nikasahau nilikuwa nasema nini.

Zimebaki 39, ila 56 imeisha aina zote. Kesho wakiuliza 56 niseme nini? Bosi anasema niseme "zipo chache" wakija niwageuzie 58.

KijanaWaTandika

Dada mimi ndiye niliyepeleka zako mbili za Chanika. 7,000 nimepata. Sina neno.

Mama Fundo

Sema zimeisha, na uliseme hilo mapema kwenye mzunguko, kwenye kipande cha saizi: "54, 58 na 60 zipo, 56 zimeisha jana." Wa jana wakisikia hivyo watajua hesabu ya daftari ilikuwa kweli. Mwenye futi 5 na inchi 5 mwambie 58 itaburuta, fundi apunguze inchi mbili chini, na umtajie mapema fundi wa karibu nanyi anachukua shilingi ngapi na atamaliza lini. Mafundi wiki hii hawashikiki. Asiyeweza kungoja fundi, mwache aende.

Koo: maji ya vuguvugu ukishafuturu, na barafu iache. Na usiruke pumzi moja. Anayekucheka ni shangazi yako aliyekaa mwanzo hadi mwisho.

Zuhura_Ilala

Ni kweli alikuwa shangazi 😂

Kaka wa Katavi, 58 namba tatu nimekutengea, ukilipa leo inatoka na basi la kesho asubuhi.

Msafiri wa Katavi

Nimelipa, limetokea jina la duka. Nina swali moja dada: mtandio unakuja nao, au unauzwa peke yake?